Rangi ya Moshi wa Boxer

Watu hunitumia picha za ekzosi. Si utani. Wenzangu wa rika langu wanatumiwa picha za watoto na za ruracio, mimi nafungua WhatsApp asubuhi na kukuta bomba la chuma likitoa moshi, na chini yake swali moja: "Hii ni nini sasa?" Wengi ni watu wa nyumbani, Ruiri, kule ambako ukisimama barabarani una Mlima Kenya upande mmoja na milima ya Nyambene upande mwingine, na katikati upepo, vumbi na bodaboda.

Mimi niko Nairobi, chumba kimoja, naandika kwa malipo ya kila makala. Leo sifa za godoro la mtu ambaye sitawahi kumwona, kesho mwongozo wa kununua blenda. Kabla ya hapo nilisoma uhandisi wa mitambo miaka mitatu, karo ikakwama, nikarudi nyumbani. Miaka miwili iliyofuata nilikaa chini ya mabati ya fundi mmoja wa pikipiki, nikimshikia spana na kuosha kabureta kwa petroli. Cheti sina, ila kwa ukoo wangu mimi ni injinia, na injinia anatumiwa picha.

Orodha ya rangi karibu kila mtu anaijua. Moshi mweusi: petroli ni nyingi kuliko hewa. Wa bluu: injini inakula oili. Mweupe: maji yameingia mahali pa moto. Orodha hiyo si uongo. Shida ni kwamba ilitungwa kwa ajili ya mtu aliyesimama kando ya injini, akiisikia, akiinusa, akiona moshi unaanza lini na kuisha lini. Tena sehemu yake ya maji ilitungwa kwa gari. Ukiichukua hivyo hivyo na kuiweka juu ya picha ya pikipiki iliyopigwa na simu alfajiri, unaweza kumtoa mtu pesa ambazo hana.

Julai mwaka jana binamu yangu alinitumia picha ya Boxer yake. Saa kumi na mbili na robo asubuhi, steji, baridi. Pikipiki inatazama upande, na nyuma yake kuna wingu jeupe kama pamba. Nyuma ya wingu, taa ya pikipiki nyingine imewashwa, inawaka kuelekea kamera.

"Bro, fundi amesema hedi gasketi imeenda. Anasema moshi mweupe ni hiyo tu. Na akifungua lazima abadilishe pistoni na ringi. Elfu tisa."

"Uko na ngapi?"

"Mia sita."

Boxer hiyo haikuwa yake bado. Aliichukua kwa mkopo, analipa shilingi 350 kila siku, Jumapili ikiwemo. Akikosa siku chache mfululizo, wenye mali wanakuja na kuipakia kwenye kanta. Kwa hivyo kuipaki wiki nzima akitafuta elfu tisa hakungekuwa kupumzika, na kuipanda vile ilivyo pia kulimtia hofu, maana fundi alimwambia injini inaweza kukwama barabarani.

Jambo la kwanza halikuhitaji picha. Injini ya Boxer haina maji. Hakuna rejeta, hakuna mpira wa maji, hakuna pampu yake. Inapozwa na upepo unaopita kwenye yale mapezi ya alumini unayoyaona kwenye silinda. Kwenye gari, gasketi ikiungua, maji ya rejeta hupenya hadi ndani ya silinda na kutoka kama moshi mweupe usioisha. Kwenye Boxer hayo maji yangetoka wapi? Gasketi yake inaweza kuharibika, ndiyo, lakini dalili ni nyingine: sauti ya hewa inayovuja, oili inayolowesha kiungo cha hedi, nguvu kupungua. Wingu jeupe halimo.

Basi zilibaki njia mbili. Inaweza kuwa mvuke wa kawaida, au oili iliyoonekana nyeupe.

Mvuke wa kawaida unasumbua watu wengi kuliko ubovu wenyewe. Petroli ikiungua hutengeneza maji. Lita moja ya petroli hutoa karibu lita moja ya maji. Ekzosi ikiwa ya moto, maji hayo hutoka kama mvuke usioonekana. Ikiwa baridi, asubuhi ya Julai, hugeuka matone, na unaona wingu, sawa na pumzi yako mwenyewe. Baada ya dakika chache bomba likipata joto, wingu linapungua na kupotea. Hapo hakuna cha kutengeneza.

Picha inaweza kukusaidia kutenganisha hayo mawili hata kabla ya rangi, ukitazama umbo. Mvuke una mwisho. Unatoka mweupe, halafu hatua moja mbili mbele umekatika, kwa sababu matone yameyeyuka kwenye hewa. Moshi wa oili hauyeyuki hivyo. Unaburuta mkia, unakaa chini, unapungua tu kwa kutawanyika, na unaweza kuuona bado ukining'inia kwenye kioski cha tatu. Kwenye picha ya binamu, mkia ulifika hadi mahali pa kuoshea magari, na hapo bado ulikuwa na uzito. Nikaanza kushuku oili.

Lakini mbona ulikuwa mweupe? Kwa sababu ya ile taa.

Kama umekulia mahali pa kuni hili unalijua, hata kama hukuwahi kulitaja. Moshi wa jikoni ukitoka kwenye paa, na nyuma yake kuna miti, unaonekana wa bluu. Moshi huo huo ukipanda juu ya miti, nyuma yake ikiwa mbingu nyeupe, unageuka kahawia hafifu. Hakuna aliyebadilisha kuni. Kilichobadilika ni mwanga. Chembe ndogo sana hutawanya mwanga wa bluu pembeni na kuacha wa manjano na mwekundu upite moja kwa moja. Ukiwa na kitu cheusi nyuma ya moshi na mwanga unatoka upande wako, unaona ule wa bluu uliotawanyika. Ukiwa na mwanga nyuma ya moshi, unaona uliobaki. John Tyndall, mwanafizikia mzaliwa wa Ireland, alionyesha jambo hili maabara miaka ya 1860, akipitisha mwanga kwenye mirija ya kioo yenye mvuke uliojaa chembe laini.

Na oili iliyoungua nusu ndiyo hiyo: matone madogo mno. Karibu na mdomo wa ekzosi ni madogo zaidi, na bluu yake ni safi. Yakisafiri yanaungana, yanakua, na matone makubwa hutawanya rangi zote kwa pamoja, kwa hivyo moshi unakuwa mweupe. Kwa hiyo mkia wa moshi wa oili unaweza kuanza bluu na kuishia mweupe katika picha moja. Ongeza taa kali inayowaka kutoka nyuma, na wingu lote linang'aa kama maziwa. Wakaguzi wa moshi wa viwanda kule Marekani hufundishwa kusimama jua likiwa mgongoni, wasilivuke hata kwa pembe fulani, kwa sababu hii hii: jua likiwa mbele yako, moshi kidogo unaonekana mwingi.

Halafu kuna simu yenyewe. Kamera ya simu haipigi rangi iliyopo, inakisia. Alfajiri au kivulini mwanga wa mbingu ni wa bluu, na simu isipousawazisha vizuri hata mvuke safi unatoka wa bluu. Jioni jua likiwa chini, kila kitu kinapakwa manjano. Dawa yake ni rahisi kuliko inavyosikika: weka kitu cheupe ndani ya picha, kwenye mwanga ule ule wa moshi. Karatasi ya daftari inatosha. Kama karatasi imetoka na rangi ya bluu, toa bluu hiyo kichwani kabla ya kuhukumu moshi.

Nikamwambia binamu asifungue injini. Anitumie picha nyingine, na si moja.

Ya kwanza, kesho asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, sekunde kumi za kwanza baada ya kupiga kiki. Pikipiki isimame mbele ya ukuta wenye rangi iliyokoza, mwanga utoke nyuma ya mpiga picha, na karatasi nyeupe iwe kando ya ekzosi. Ya pili, pale pale, injini ikiwa imenguruma dakika kumi. Halafu ashike karatasi hiyo kama shibiri moja kutoka kwenye mdomo wa ekzosi kwa dakika nzima, aipige picha ikiwa imelowa, aiache ikauke, aipige tena. Maji yakikauka hayaachi kitu. Masizi huacha unga mkavu mweusi unaofutika. Oili huacha madoa ya mafuta ambayo ukiinua karatasi juani yanapitisha mwanga, kama karatasi ya mandazi.

Akauliza kama ananilipia bando. Nikamwambia anyamaze.

Ya kwanza ilikuja nzuri. Ukuta wa kioski wa mabati ya kahawia, karatasi imetoka na ubluu kidogo tu, moshi umetoka na bluu ya wazi karibu na mdomo na mweupe mwisho wa mkia. Kwenye karatasi kulikuwa na madoa madogo ya mafuta, kama mtu amenyunyiza kwa brashi. Picha ya pili ilikuwa na bomba tu. Moshi hakuna.

Hapo ndipo wengi hukosea kuisoma picha, kwa sababu orodha ya rangi inasema bluu ni oili na kuishia hapo. Lakini oili hufika kwenye moto kwa njia zaidi ya moja, na gharama za njia hizo hazilingani. Inaweza kupanda kutoka chini, ikipita kando ya pistoni kwa sababu ringi zimeisha au silinda imekwaruzika. Hiyo ndiyo elfu tisa. Au inaweza kushuka kutoka juu, kwenye hedi, ikifuata mguu wa valvu. Kila valvu ina kikofia kidogo cha mpira kinachofuta oili isishuke, sili ya valvu. Mpira huo ukipata joto miaka mingi unakauka na kuwa mgumu kama kucha, na oili inapita. Boxer ina valvu mbili, kwa hivyo sili mbili. Bei yake ni mia chache.

Rangi ya moshi ni ile ile kwa njia zote mbili. Kinachozitenganisha ni wakati, na wakati ndio kitu ambacho picha moja haina. Ringi zikiisha, moshi hutoka injini ikifanya kazi: ukipanda mlima na abiria, ukifungua petroli, unakufuata mfululizo. Sili zikiisha, moshi hutoka baada ya injini kupumzika. Usiku kucha oili inadondoka kidogo kidogo juu ya valvu, na asubuhi unaiunguza yote kwa mkupuo, kisha imeisha. Pia hutoka baada ya mteremko. Ukishuka na gia ukiwa umefunga petroli, kabureta imezibwa lakini pistoni bado inavuta. Inavuta kwa nguvu sana kwa sababu hewa haipati njia, na oili inanyonywa kupitia pale ambapo sili haizibi. Chini ya mteremko unafungua petroli, na nyuma yako linatoka wingu moja.

Ruiri ina bahati ya kuwa na mteremko. Barabara ya kwenda Isiolo inashuka. Nikamwambia aende na rafiki, ashuke na gia bila kushika petroli na bila kuzima injini, na rafiki awe amesimama chini, jua mgongoni, apige picha pale tu anapofungua. Halafu wageuke wapande, wawili juu pamoja na mzigo wowote, rafiki atazame nyuma.

Nilipata picha ya wingu la bluu moja, fupi, mbele ya kichaka. Nikapata na picha ya kupanda, rafiki amepiga akiwa amegeuka huku amekaa juu ya gunia la vitunguu, mkono umetetemeka, lakini barabara nyuma yao ni safi hadi kwenye kona.

Kabla ya kusema lolote nilimuomba picha ya kipimo cha oili. Oili ikijazwa kupita alama, inasukumwa kupitia mpira wa kupumulia hadi kwenye eya klina, na kutoka hapo inaingia kwenye moto. Pikipiki nzima kabisa inaweza kufuka bluu kwa sababu mtu amemimina chupa yote bila kuangalia. Yake ilikuwa karibu na alama ya chini. Haikuzidi. Ilikuwa imepungua, jambo lililolingana na mengine.

"Mwambie fundi aanze na sili za valvu," nikaandika. "Na akishatoa hedi, ashike valvu aitikise. Ikicheza sana pale inapopita, sili mpya hazitakaa, itabidi zile bomba ndogo za valvu zibadilishwe pia. Silinda aitazame kwa macho. Kama haina mikwaruzo, aiache."

Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo mpaka wa picha. Kutoka Nairobi ningeweza kusema wapi aanze kutafuta, basi. Kuna injini ambayo sili zimekauka na ringi nazo zimechoka, na hiyo hufuka asubuhi na kufuka mlimani. Picha ya kupanda ilinipa imani kwamba ringi ziko sawa kwa sasa. Ni fundi tu, hedi ikiwa mkononi, anayeweza kujua valvu inacheza kiasi gani.

Binamu alihofia namna ya kumwambia. Fundi ni mtu mzima, na kijana wa bodaboda hawezi kumjia na simu na kusema injinia wa Nairobi anakupinga. Nikamshauri asitaje jina langu. Ampeleke picha nne kwa mpangilio wake na kumuuliza, "Fundi, mbona mlimani haifuki?" Fundi alizitazama, akanyamaza, akasema tuanze na sili. Kwa hesabu ya mwisho alilipa elfu moja mia tano, kazi pamoja na gasketi mpya ya hedi, kwa sababu ukishafungua ya zamani hairudishwi. Valvu hazikucheza. Sili za zamani alizipiga picha pia, moja imepasuka ukingoni.

Kesho yake saa kumi na mbili, ujumbe: "Bado inafuka!!!" Na picha, bluu kabisa.

Hiyo nilikuwa naitarajia. Miezi mingi ya oili ilikuwa imeganda ndani ya ekzosi. Bomba likipata joto, oili hiyo inaanza kuungua yenyewe, hata kama injini haitoi tena tone. Tofauti unaiona kwenye saa: sasa moshi ulianza baada ya dakika kadhaa, bomba likiwa moto, si ile sekunde ya kiki. Nilimwambia apande kawaida siku mbili tatu. Siku ya nne hakutuma kitu, na sikuuliza.

Nyeusi nimeipita haraka kwa sababu kwa huko kwetu mara nyingi jibu ni moja. Vumbi limeziba eya klina, hewa haitoshi, petroli inazidi. Fungua, safisha, halafu ndipo ushuku kabureta. Choki iliyosahaulika wazi pia hufanya hivyo. Na ukitumiwa picha ya Yamaha DT ya zamani ikifuka bluu, kwanza uliza mwenyewe anaona shida gani. Ile ni injini ambayo oili huchanganywa na petroli kwa makusudi. Isipofuka kabisa ndipo uwe na wasiwasi.

Jana usiku shangazi yangu ametuma ya kwake. Probox, wingu jeupe, mchana, nyuma yake ukuta wa kijani. Mkia ni mrefu, mweupe kuanzia mdomoni hadi mwisho, hauna bluu popote. Injini ya Probox ina maji. Nimemuuliza mambo matatu: "Shangazi, shikamoo. Maji ya rejeta yanapungua? Moshi una harufu tamutamu? Oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa?" Nimemwambia asiiwashe tena, na asifungue kifuniko cha rejeta hadi injini ipoe kabisa. Tiki mbili ni za kijivu bado.